Hakuna Unga Mwingine Uwanjani

Barua pepe ninayoijutia haina tusi hata moja. Ina aya fupi, ina adabu, na ilinipatia kila nilichokiomba. Ninayo bado kwenye simu. Mara mojamoja huifungua nikaisoma mpaka sentensi ya mwisho, halafu najikasirikia upya, maana ile sentensi hakuna aliyeniomba niiandike.

Nilihamia Sumbawanga kutoka Mbeya nikiwa mwalimu mpya wa sekondari. Sisi watu wa Mbeya hujiona tunaijua baridi, kwa hiyo nilikuja na sweta moja jepesi. Aliyenipa chumba ni mama mmoja mjane wa Pito, pembezoni mwa mji, mwenye mashine ya kusaga. Siku ya kwanza aliniangalia juu mpaka chini, akashika kitambaa cha sweta langu kwa vidole viwili na kuuliza, "Mwanangu, hiki ni kitu cha kuvaa au cha kuchujia?" Jioni hiyohiyo akanipa koti la marehemu mumewe. Nilikaa kwake miaka miwili, na hata nilipopata nyumba ya shule niliendelea kupita mashineni kwake karibu kila Jumamosi. Nikifika nasema shikamoo mama, ananijibu marahaba mwanangu, tena kwa sauti ya juu kwa sababu ya mashine, na wateja wote wanajua kwamba yule mwalimu ni wa pale.

Bonanza la netiboli tulilianzisha mwaka wangu wa pili, walimu watatu na wazazi wachache. Kila likizo ya mwezi wa sita, baada ya mavuno, wasichana wa kata za mjini na wa vijiji vya karibu walicheza siku mbili. Wengi walikuwa wamemaliza kidato cha nne na kurudi shambani, na zile ndizo siku mbili za mwaka walizovaa raba na kupigiwa makofi. Hatukuwa na mdhamini. Wazazi walileta mahindi na maharage, na mama alisaga yale mahindi yote bila malipo, kisha akaongeza gunia la dona, unga usiokobolewa, kutoka kwake.

Likawa jambo la mazoea. Asubuhi ya kwanza guta lake la matairi matatu likiingia uwanjani, timu iliyowahi kufika ndiyo inayoshusha lile gunia. Wasichana walilipigania. Waliimba, wakalibeba mpaka jikoni, wakatoka na mabega meupe, na picha zetu zote za miaka ile zina mabega meupe. Mechi ya kwanza haikuanza mpaka gunia lifike, ingawa hakuna aliyewahi kuandika kanuni hiyo popote.

Tatizo lilikuwa jezi. Timu zilicheza na vitenge vilivyofungwa kiunoni ili kutofautishana, na mipira miwili tuliyokuwa nayo ilikuwa imeshonwa mpaka haidundi vizuri. Mwaka wa tano kamati ikaniambia, wewe unajua kuandika, tafuta mdhamini. Nikakubali haraka. Napenda kuambiwa kwamba najua kuandika, na huo ndio ugonjwa wangu.

Barua yangu ya kwanza ilikwenda kwa kampuni moja ya pale mjini inayokoboa na kufungasha sembe. Niliiandika kama tulivyofundishwa: YAH: OMBI LA MSAADA WA VIFAA VYA MICHEZO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nikawatakia afya njema na mafanikio katika ujenzi wa taifa, nikaeleza kwa kurasa mbili jinsi wasichana wetu wanavyoteseka, mipira ilivyochakaa, na wazazi walivyo na hali duni. Nikamalizia kwa kusema tutashukuru kwa chochote watakachojaliwa. Wiki tatu zikapita kimya.

Nilimtumia kaka yangu wa Mbeya nakala. Yeye ni msambazaji wa magodoro, na hana subira na walimu. Akanipigia. "Dada, umeandika kama mtu aliyeishiwa nauli stendi. Kurasa mbili zote ni shida zako. Huyu bwana anauza unga. Sasa shida yake yeye ni ipi?"

Nikasema sijui.

"Basi kaijue kwanza, ndiyo uandike."

Alinikera, lakini alikuwa sahihi. Siku iliyofuata baada ya vipindi nilikwenda Majengo nikaingia duka moja baada ya jingine, najifanya natafuta unga. Nikakuta sembe ya ile kampuni ipo karibu kila mahali, lakini iko chini sakafuni, nyuma ya unga unaotoka mikoa mingine. Mwenye duka mmoja aliniambia kwamba ni unga mzuri tu, ila watu hawauulizi kwa jina. Wanasema nipe unga, anawapa ulio karibu na mkono. Nilitoka pale nikiwa na furaha ya mwizi aliyeona dirisha wazi.

Nikaandika upya, kwa meneja mwenyewe, ukurasa mmoja. Kichwa cha barua kilisema: Unga wenu mbele ya familia za Sumbawanga, mwezi wa sita. Nikaanza hivi:

"Habari za kazi. Wiki hii nimepita maduka ya Majengo. Unga wenu upo, lakini umewekwa nyuma ya unga wa mikoa mingine, na wenye maduka wananiambia wateja hawauulizi kwa jina. Nadhani tunaweza kuwasaidia katika hilo."

Baada ya hapo nikamweleza ni akina nani wanaokuja kwenye bonanza: walimu, watumishi wa ofisi, wauzaji wa Majengo, mama lishe, yaani watu wanaonunua unga dukani na wanaoamua upikwe upi. Nikaandika atakachopata. Jina la unga kifuani mwa timu nane, na jezi hizo wasichana wataendelea kuzivaa mwaka mzima katika mazoezi ya kata zao. Bango kila upande wa goli. Meza ya kuonjesha ugali saa za mchana. Kutajwa na mtangazaji kila baada ya robo ya mchezo. Taarifa yenye picha ndani ya siku saba, ili aone mwenyewe kama ahadi zimetimizwa. Ndipo nikaorodhesha tunachohitaji, jezi, mipira minne na unga wa milo ya wachezaji, na nikaomba dakika kumi na tano ofisini kwake Jumatano saa nne asubuhi.

Barua ilikuwa imekamilika. Ningebonyeza kutuma pale, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini nilikuwa nimenogewa. Nilijiweka kwenye kiti cha yule meneja, nikajiuliza ningependa kuona nini tena, nikaongeza: "Na kwa siku zote mbili hakuna kampuni wala mtu mwingine anayeuza unga wa aina yoyote atakayejitangaza au kuonekana uwanjani."

Hapo naomba nieleze kitu ambacho hakinisafishi. Mwezi wa pili mama alikuwa amenivuta pembeni mashineni akanionyesha mfuko. Alikuwa ameanza kufungasha unga wa ulezi wa uji. Amepata mtu wa kumchongea muhuri wa mpira wenye suke la ulezi na jina la Pito, anagonga mfuko mmoja mmoja kwa mkono wake. Aliushika kama cheti. Akaniuliza, "Nikileta hii siku ya mpira, mwanangu, watu wa mjini wataiona?" Nikamwambia, "Lete, mama. Mjini kote watakuja." Akasema basi hatauza hata mmoja kabla ya siku hiyo, ataifungulia pale.

Miezi miwili tu baadaye nikaandika kwamba hakuna mtu mwingine anayeuza unga wa aina yoyote. Nimejiuliza mara nyingi kama nilimsahau. Sidhani. Ukweli ni kwamba nilipoandika neno mtu, yeye hakunijia akilini kama mtu wa biashara. Mfanyabiashara kwangu alikuwa yule mwenye anwani ya barua pepe. Mama alikuwa mama, na gunia lake lilikuwa kama jua la asubuhi, kitu kinachokuja chenyewe.

Meneja alijibu kesho yake. Jumatano nilikaa ofisini kwake nikanywa chai, na alipofika mwisho wa karatasi akagonga kwa kalamu. "Mwalimu, hiki kifungu cha mwisho nimekipenda. Wengi wanatuomba, halafu siku ya tukio unakuta mabango ya kila mtu." Nilitabasamu kama mwanafunzi aliyesifiwa. Kamati iliposikia kwamba jezi za timu nane zimepatikana walinipigia makofi, na mimi nikazisoma faida za mdhamini kwa sauti, zote isipokuwa ile ya mwisho. Niliiruka kwa sababu niliona ni jambo kati yangu na kampuni.

Siku ya bonanza upepo ulikuwa ule wa mwezi wa sita unaopenya hadi kwenye fizi. Kampuni walifika mapema. Aliyeongoza alikuwa afisa masoko, mwanamama wa rika langu, mchangamfu, mwenye daftari. Wakafunga mabango, wakasimika hema, wakashusha sembe yao jikoni. Timu ya Mwimbi ndiyo iliyowahi, maana walikuja jana yake wakalala kwa ndugu. Wakavaa jezi zao mpya nyekundu zenye jina la unga kifuani. Wasichana wale walikuwa wanajigusa vifua kila dakika. Nilijisikia kulia kwa furaha, nasema kweli.

Ndipo guta la mama likaingia. Amevaa kitenge kipya, ameketi nyuma juu ya gunia la dona, na kando yake makasha mawili ya karatasi yaliyojaa mifuko ya ulezi. Wasichana wa Mwimbi wakalikimbilia kwa wimbo, na jezi zao mpya.

Afisa masoko aliangalia guta, akaangalia ile mifuko yenye muhuri, akatoa simu. Hakuwa na ubaya wowote. Akanisogezea kioo chenye barua yangu. "Mwalimu, samahani. Yule mama ni nani? Nauliza tu kwa sababu ya hiki kifungu, bosi atataka kukiona kwenye taarifa."

Jibu lilikuwa sentensi moja tu. Ningesema, yule ndiye aliyelisha bonanza hili miaka yote, niliandika bila kumfikiria, tafadhali tumtafutie nafasi. Aliniuliza kabisa ni nani. Badala yake nikasema, "Ngoja nikaongee naye." Niliogopa jezi zingevuliwa. Niliogopa zaidi kuonekana mwalimu aliyeandika kitu asichokijua.

Nikaenda mpaka kwenye guta. Wasichana walikuwa wameshashika gunia, wawili kila upande.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umejikunyata, koti liko wapi?"

Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mwaka huu tuna mdhamini, ni kampuni ya unga, na tumekubaliana nao unga mwingine usionekane. Hakuelewa mara moja. Akadhani nasema mifuko. Akafunika yale makasha kwa kanga, akasema, "Basi hii nitairudisha, si neno. Nitaiuza mashineni." Akawageukia wasichana, "Haya, shusheni gunia hilo, jua linapanda."

Na hapo nikafanya kile ambacho hata barua yangu haikukitaka. Gunia la jikoni lilikuwa gunia la kawaida la plastiki, halina jina wala muhuri. Lingeingia jikoni na hakuna ambaye angeuliza. Lakini nilikuwa nimeshaingiwa na woga, na mtu mwenye woga huwa mkali kwenye mambo madogo. Nikasema, "Na hilo pia, mama."

"Hata la jikoni?"

"Hata la jikoni. Unga wa kupika wametuletea."

Hakukasirika, ningependa angekasirika. Akawaambia wasichana warudishe gunia walipolitoa. Wakalirudisha bila wimbo, wakaniangalia mimi, na mmoja wao akaanza kujipangusa vumbi jeupe lililoshika kwenye jezi. Mama akamgonga dereva wa guta begani. Wakaondoka kwa njia ileile waliyokuja nayo, na mtangazaji akaanza kulitaja jina la mdhamini.

Bonanza lilifana. Lazima niseme hivyo kwa sababu ni kweli. Watu walionja ugali, mama lishe wawili wakachukua namba ya kampuni, na siku ya sita nikapeleka taarifa yenye picha ishirini. Hakuna hata picha moja yenye bega jeupe.

Nilipoipeleka, afisa masoko alinisindikiza mpaka getini. Akaniuliza tena, kwa udadisi tu, yule mama wa guta alikuwa nani. Safari hii nikamweleza yote. Akasimama. "Sasa mwalimu, mbona hukusema? Sisi tunauza sembe. Yule ana ulezi wa uji, tena na dona la kuwapikia watoto. Ningempigia bosi palepale, na ungeona tumempa kona ya hema. Kile kifungu uliandika wewe, sisi hatukukiomba." Nilitembea kwa miguu kutoka pale mpaka nyumbani, na njia nzima nilikuwa nikijirudia ile sentensi moja niliyopaswa kumjibu yule afisa asubuhi ile.

Jumamosi nilikwenda Pito kuomba radhi. Mama aliniwekea kiti, akanipikia uji wa ule ulezi wake, akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema yamekwisha, kazi ni kazi. Uji ulikuwa mtamu na niliumaliza wote. Nilipoaga, akasema, "Karibu tena, mwalimu."

Nilifikiri nimesikia vibaya kwa sababu ya mashine. Lakini mashine ilikuwa imezimwa. Nimekwenda Jumamosi nyingi baada ya hapo, na kila nikisema shikamoo mama ananijibu marahaba mwalimu. Ananipokea vizuri, hata kiti ananifutia. Zamani hakuwahi kunifutia kiti, alikuwa akiniambia nikae juu ya gunia.

Mwaka huu kampuni imepata meneja mwingine. Nilimwandikia mapema, nikaambatanisha taarifa na picha. Akanijibu kwa mistari miwili ya heshima kwamba bajeti yao ya matangazo wameipeleka kwenye redio, na wanatutakia kila la heri. Simlaumu. Jezi tunazo, mipira tunayo. Kilichokosekana ni chakula. Kamati wakaniangalia, na mmoja akasema si tumrudie mama wa mashine, kama vile ni kumrudia mtu aliyekwenda sokoni.

Nikaenda. Nilisema nilichotumwa huku nimeinamisha kichwa. Mama alikuwa anagonga muhuri, mfuko mmoja mmoja, na hakuacha. Sasa anauza mpaka Majengo, maduka matatu. Alimaliza mifuko aliyokuwa nayo mkononi, kisha akasema taratibu, bila kejeli niliyoweza kuisikia, "Niandikie barua, mwalimu. Kama uliyowaandikia wale. Uniambie na mimi nitapata nini."

Niliiandika kwa mkono kwa sababu hana barua pepe. Ilinichukua siku nne, mimi ninayejua kuandika. Faida za kampuni nilizipata mchana mmoja. Zake nilizianza nikazifuta, kwa sababu kila nilichotaka kumwahidi, jina kutajwa, meza yake mbele, wasichana kulipokea gunia kwa wimbo, kilikuwa chake tangu mwanzo na mimi ndiye niliyemnyang'anya. Mwishowe niliandika hivyohivyo. Niliandika kwamba atapata meza, atatajwa, gunia litapokelewa, na kwamba hayo yote si fadhila yetu. Sikuandika kwamba atakuwa peke yake uwanjani. Nikaandika kwamba kosa lilikuwa langu, nikamalizia kwa kumwita mama.

Alivaa miwani, akaisoma polepole mbele yangu, akaikunja, akaiweka kwenye droo ya meza ya mizani. "Nimeipata, mwalimu. Nitakujibu."

Hii ni wiki ya tatu. Kaka yangu angesema barua ya udhamini isiyofuatiliwa haijibiwi, nipite, nimkumbushe, niulize kwa upole amefikia wapi. Najua hivyo, nimewahi hata kuwafundisha wenzangu wa kamati. Mechi ya kwanza ni Jumamosi ijayo. Chakula kidogo tumepata kwa wazazi na hakuna msichana atakayelala njaa, kwa hiyo siwezi kusema naogopa kwa ajili yao. Naogopa kwenda kumuuliza kwa sababu bado hajanijibu kama mama, na sitaki anijibu kama mdhamini.